Mkono Uliokunjwa

Ninapomwekea mzazi dripu ya kuongeza uchungu, kwanza nautazama mkono wake, kisha ndiyo chupa. Natafuta mshipa ulio mbali na kiwiko, mgongoni mwa kiganja au kwenye kigasha, na nikikosa kabisa nafunga kipande cha kadibodi chini ya mkono ili usikunjike. Wanafunzi wa ukunga huniona mzee mwenye mashaka. Sibishani nao. Mashaka haya yana tarehe, ingawa hapa nitataja mwaka tu: 2013, katika hospitali moja ya kusini mwa Tanzania, zamu ya usiku, wakunga wawili na wazazi saba.

Mzazi mwenyewe alikuwa binti wa miaka 20, mimba ya kwanza, miezi imetimia. Alikuja na bibi yake, kikapu cha khanga na chupa ya chai. Nilimwuliza bibi kama kuna dawa yoyote ya kienyeji aliyomnywesha mjukuu, kwa sababu zipo za miti zinazoamsha uchungu, na ukiongeza dripu juu yake hujui tena umempa kiasi gani. Bibi aliapa kuwa ile ni chai ya tangawizi. Nikanusa, ilikuwa tangawizi.

Njia ilikuwa imefunguka sentimita 6, na saa nne baadaye ilikuwa bado 6. Chupa ilishapasuka, maji yalikuwa meupe, mapigo ya moyo wa mtoto 140, kichwa kimekaa vizuri na nyonga inatosha. Uchungu tu ndio ulikuwa mlegevu: mara mbili katika dakika 10, kila mmoja sekunde 25. Daktari alimpima akaandika oksitosini. Hata leo nikiisoma ile karatasi siioni kosa ndani yake. Kwa binti kama huyo, dripu ndiyo dawa.

Oksitosini ni homoni ya mwili wenyewe, inayotolewa na tezi iliyo chini ya ubongo. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aliona kwamba maji ya tezi hiyo yanabana kizazi cha paka, na mwaka 1953 Vincent du Vigneaud, huko Marekani, akafanikiwa kuitengeneza maabara. Miaka miwili baadaye akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Jina lake limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni kuzaa upesi. Mwalimu wetu wa dawa hakulipenda jina hilo hata kidogo. Alisema limeua watoto wengi, kwa sababu kila anayelisikia hudhani kazi yake ni kuharakisha.

Yeye alitueleza hivi. Kizazi ni nyama, na kwenye ukuta wa kila chembe ya nyama hiyo kuna vipokezi, mfano wa kufuli. Oksitosini ndiyo ufunguo. Ufunguo ukiingia, kalisiamu iliyohifadhiwa ndani ya chembe humwagika, na nyingine huingia kutoka nje. Kalisiamu hiyo ndiyo inayozifanya nyuzi za nyama zivutane. Mimba ikiwa changa kufuli hizo ni chache, na kadiri miezi inavyotimia huongezeka sana. Ndiyo maana kiasi kisichofanya chochote kwa mama wa miezi mitano kinaweza kumrusha kitandani mama wa miezi tisa. Uchungu ukiisha, kalisiamu hurudishwa ghalani na nyama hulegea.

Huko kulegea ndiko alikotaka tukuangalie. Mtoto tumboni havuti hewa. Oksijeni yake huja na damu ya mama, kupitia kondo la nyuma, na mishipa inayoleta damu hiyo inapenya katikati ya nyama za kizazi. Nyama zikikaza, mishipa inabanwa, na mtoto anakaa kwa muda bila kuletewa kitu, kama mpiga mbizi aliyeshika pumzi. Nyama zikilegea, damu inarudi naye anapumua. Mtoto mwenye afya huvumilia hali hii kwa saa nyingi, mradi tu kila mbizi iwe na muda wa kuibuka juu.

Usiku ule niliweka yuniti 2.5 za oksitosini katika chupa ya mililita 500 ya maji ya chumvi. Mpira wetu ulikuwa wa matone 20 kwa mililita moja. Huwa nautaja kwa makusudi, kwa kuwa kuna mipira ya matone 15, na anayebadilisha mpira bila kusoma pakiti anaongeza dawa kwa theluthi nzima huku akihesabu matone yaleyale. Saa nne na nusu usiku nilianza na matone 10 kwa dakika. Kila baada ya dakika 30 nikaongeza 10. Saa sita kamili yalifika 40, na uchungu ukawa mara tatu katika dakika 10, kila mmoja ukivuka sekunde 40. Hapo unaacha kuongeza. Umeshafika.

Kanula, hata hivyo, ilikuwa kwenye mkunjo wa kiwiko. Niliiweka pale kwa sababu mshipa wa pale huonekana hata gizani, nami nilikuwa na haraka.

Saa sita na dakika 20 nilirudi kwake nikakuta uchungu umepungua hadi mara mbili. Nikatazama chemba ya dripu: matone kama 15 tu. Binti alikuwa amelala upande wa kulia, mkono ameukunja chini ya shavu. Ningemwambia anyooshe mkono. Badala yake nilidhani kigurudumu kimejibana chenyewe, nikakifungua mpaka matone yakafika 40 tena, nikaandika kwenye patografu, nikakimbilia kitanda cha pili ambako mama wa mimba ya tano alikuwa anasukuma. Chupa ilikuwa imebaki na mililita 380. Najua kwa sababu nilikuwa nimebandika plasta na kuweka alama.

Binti akageuka, mkono ukanyooka.

Niliporudi ilikuwa saa sita na dakika 35. Chupa ilikuwa na mililita 260. Mililita 120 kwa dakika 15 ni mililita 8 kwa dakika, na matone 40 ni mililita 2 tu. Alikuwa ameingiziwa mara nne ya kiasi nilichoandika kwa mkono wangu mwenyewe. Hesabu hii niliifanya asubuhi. Wakati ule niliona tu matone yamekuwa uzi wa maji, nikaweka kiganja tumboni, nikakuta ubao. Nikahesabu kwa saa ya ukutani: sekunde 60, 80, 100. Ukalegea kidogo, si wote, kisha mwingine ukapanda juu yake. Binti hakuwa akipiga kelele tena. Alikuwa ananitazama tu. Nikachukua fetoskopu, nikasikiliza: 92. Ya kawaida ni kati ya 110 na 160.

Nitaandika hatua nilizofuata kama zilivyokuja, kwa sababu moja kati ya hizo nilinusurika kuikosea. Nilifunga dripu. Nikamgeuza alalie ubavu wa kushoto, uzito wa kizazi uondoke kwenye mishipa mikubwa. Nikaita kwa sauti. Nikachukua chupa mpya ya maji ya chumvi matupu, na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye chupa ya zamani ili nichomeke mpya kwenye mpira uleule na kuifungulia ikimbie. Mwenzangu, mkunga aliyenizidi miaka kumi kazini, akanishika. "Mpira umejaa dawa, dada. Utamsukumia yote." Tukautoa mpira mzima kwenye kanula tukaweka mwingine.

Nikampima njia: sentimita 9, hakuna kitovu kilichotangulia. Daktari alipofika aliuliza swali moja tu, kama mama ana ugonjwa wa moyo. Hakuwa nao. Akaagiza salbutamoli, miligramu 10 ndani ya lita moja ya maji, matone 10 kwa dakika. Kwingine hutumia tabutalini, mikrogramu 250 polepole kwenye mshipa. Sisi hatukuwa nayo.

Bibi, aliyekuwa mlangoni, alilisikia jina la dawa akashangaa. Mumewe alikuwa na pumu. "Hiyo si ya kifua?" Ni ya kifua kweli, na hakukosea kushangaa. Njia za hewa na kizazi zina kipokezi cha aina moja, na kikiguswa chembe hutengeneza ujumbe unaorudisha kalisiamu ghalani na kuizuia nyama isivutane. Tatizo ni kwamba moyo nao husikia. Mapigo ya binti yalipanda kutoka 96 hadi 124, mikono ikamtetemeka, akasema kifua kinamdunda. Kwa mama mwenye moyo mbovu, au anayemiminiwa maji mengi kwa wakati mmoja, dawa hii inaweza kuyajaza mapafu maji. Sukari ya damu nayo hupanda. Kwa hiyo mtu akiwa kwenye salbutamoli huondoki kitandani kwake, mshipa wa mkono wake unao vidoleni, na mapafu unayasikiliza.

Upande wetu tulikuwa na jambo moja jema: oksitosini haikai. Nusu yake huondoka katika damu ndani ya dakika chache. Dakika ya 8 mapigo ya mtoto yalikuwa 110, ya 15 yakawa 128, na tumbo kati ya uchungu na uchungu likawa laini kama shavu. Tukaisimamisha salbutamoli. Saa saba na robo njia ilifunguka yote, na daktari akamvuta mtoto kwa vakyumu. Wa kike. Alama zake 6 dakika ya kwanza, 9 dakika ya tano. Alilia kwa hasira, na mimi nikalia kimyakimya nyuma ya barakoa.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini kizazi kilikuwa na deni letu.

Mtoto akishatoka, kila nilichokwisha kukieleza hugeuka. Kondo likibanduka huacha mishipa wazi ukutani, na hakuna kinachoifunga isipokuwa zile nyama zinazoizunguka. Mbano uleule uliokuwa unamnyima mtoto pumzi ndio sasa unaomziba mama damu isimwagike. Kwa hiyo katika dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa mtoto, ukishahakikisha hakuna pacha ndani, unachoma yuniti 10 za oksitosini kwenye paja, zote kwa mara moja. Ni mara nne ya kile nilichokiweka katika chupa nzima. Nilichoma. Kondo likatoka zima. Lakini nilipoweka mkono chini ya kitovu, mahali pa kukuta mpira mgumu, nilikuta unga uliokandwa.

Kizazi kilichopigwa na oksitosini kwa saa nyingi huchoka kwa namna yake: kufuli hujificha, na ufunguo ukija haupati pa kuingia. Juu ya hapo, mabaki ya salbutamoli yalikuwa bado yanaiambia nyama ilegee. Damu ikatoka, tukaipima kwenye beseni, mililita 700.

Mwenzangu alikuwa anasugua tumbo. Mimi nikaweka katheta, na mkojo ukatoka mililita 400. Kibofu kilichojaa hukizuia kizazi kukaza, na mimi nilikuwa nimesahau kumkojoza tangu saa tano. Tukaanzisha oksitosini nyingine, yuniti 20 katika lita moja, matone 60 kwa dakika, kwenye dripu. Haisukumwi ghafla mshipani kwa bomba, maana huweza kuiangusha presha ya mtu ambaye tayari anapoteza damu.

Dawa ya pili ya kawaida ni ergometrini. Asili yake ni kuvu anayeota kwenye nafaka ya shayiri nyeusi huko Ulaya, yuleyule ambaye zamani alikuwa akiwaozesha watu vidole kwa kuibana mishipa yao. Ergometrini hukifanya kizazi kikaze moja kwa moja bila kupumzika, jambo zuri sana sasa na la hatari kabisa saa moja kabla. Nilikuwa nimeshavunja shingo ya ampuli. Daktari akasema, "Presha?" Ilikuwa 150 kwa 95. Tukapima tena: 150 kwa 100. Ergometrini hubana mishipa ya mwili mzima, na kwa mama mwenye presha ya juu inaweza kumletea kiharusi. Ampuli ikaenda kwenye takataka. Alipewa misoprostoli, mikrogramu 800 chini ya ulimi. Kizazi kikakusanyika polepole chini ya kiganja, kikawa nanasi, kikawa jiwe. Nusu saa baadaye alianza kutetemeka akawa na homa ya 38.5, na bibi akaanza kutafuta dawa ya malaria kikapuni. Nilimweleza kuwa ni vile vidonge, na homa ingeshuka. Ilishuka kabla ya alfajiri. Leo mama kama yule angepewa pia asidi ya traneksami, gramu moja, ndani ya saa tatu tangu ajifungue. Haikazi kizazi, inalinda bonge la damu lisiyeyuke.

Nimeurudia usiku ule mara nyingi, na kila mara nafika kwenye kigurudumu kile cha plastiki. Kilinikosesha, lakini ndicho kilichomwokoa mtoto, maana kilikuwepo cha kufunga. Tangu hapo kila dawa ya uchungu naiuliza: ukizidi, unafungwa wapi?

Oksitosini iliyochomwa kwenye nyama kabla ya mtoto kutoka haina pa kufungwa. Nimewahi kumpokea mama wa watoto watano, aliyekuwa na kovu dogo la sindano pajani na tumbo ambalo sehemu za mtoto zilipapasika chini ya ngozi tu. Uchungu, alisema, ulikuwa mkali mno, kisha ukakatika ghafla. Huo ukimya ndio dalili ya kizazi kilichopasuka. Alipona, mtoto hakupona. Hakuna aliyeandika popote kwamba alichomwa.

Misoprostoli nayo haina kigurudumu. Ya kuanzishia uchungu ni mikrogramu 25, na kidonge kilichopo madukani ni cha 200. Nimeona watu wakikikata kwa wembe vipande vinane, vipande ambavyo hakuna viwili vinavyolingana. Afadhali kukiyeyusha katika mililita 200 za maji safi, ukatikisa, ukampa mililita 25 kila baada ya saa mbili. Ukimpa nyingi ukeni unaweza kufuta mabaki, lakini iliyokwisha kunyonywa huiondoi. Mwenye kovu la upasuaji asipewe kabisa miezi ikiwa imetimia. Na kabetosini, ile isiyohitaji friji, iliyojaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10 zikiwemo Kenya na Uganda na matokeo yake kutolewa mwaka 2018, sifa yake ni kukaa muda mrefu mwilini. Kwa sifa hiyohiyo ni ya baada ya kuzaa tu.

Friji pia nimejifunza kuiheshimu. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyoachwa dirishani hudhoofika bila kubadilika rangi, na hatari yake inakuja kwa kuchelewa: unaongeza matone hadi 60 kwa sababu haifanyi kazi, chupa inaisha, mwenzio wa zamu inayofuata anachanganya nyingine kutoka friji na kuiendesha kwa matone 60 yaleyale.

Dawa za kutuliza kizazi hutumika pia kwa uchungu wa mapema, na hapo watu hutarajia mengi kuliko zinavyoweza. Mama wa wiki 30 akipewa nifedipini, miligramu 20 za kumeza, mlango wa kalisiamu kwenye chembe unafungwa na uchungu unaweza kupoa. Hatumpi ili abaki na mimba mpaka mwezi wa tisa. Tunatafuta saa 48 za kumchoma deksamethasoni, miligramu 6 mara nne kila baada ya saa 12, mapafu ya mtoto yapevuke, na za kumfikisha penye wodi ya watoto njiti. Ikiwa ana homa na maji yananuka, au anatokwa na damu kwa kondo kubanduka, hatutulizi kitu. Hapo ndani si mahali salama tena.

Mwezi uliopita nilikuwa na mwanafunzi, mwepesi wa hesabu, aliyejua miliyuniti za kila tone bila karatasi. Mzazi alikuwa kwenye matone 30. Akaniuliza tuongeze au tusiongeze. Nikamwambia aweke kiganja tumboni asinitazame mimi. Akaweka. Uchungu ukapanda, akahesabu kwa midomo, sekunde 45, kisha akataka kutoa mkono. Nikauzuia.

Tukangoja.

"Limelainika," akasema.

"Andika saa. Na huo mkono wake, mnyooshe."